Picha Nzuri Ndizo Zinazojaza Diski

Wapiga picha wengi wa harusi wanaishi kwa amri moja: usifute faili ghafi hata moja. Faili ghafi, ile ambayo menyu ya kamera huiita RAW, hutunzwa kama amana. Kijana anayeanza kazi akilalamika kwamba diski yake imejaa, wakongwe humjibu kwa sentensi ileile: diski siku hizi ni bei rahisi, nenda Kariakoo kanunue nyingine. Jibu hilo linasikika kama busara ya mtu mwangalifu. Kwa kweli ni ushauri mbaya, na madhara yake huwaangukia wateja ambao unadai kuwalinda.

Tuanze na hesabu, maana hoja ya bei imeegemea hapo. Kamera ya pikseli milioni 24, mathalani Sony A7 III, ina namna mbili za kuandika faili ghafi. Iliyobanwa hutumia takriban baiti moja kwa kila pikseli, hivyo fremu moja ina kama megabaiti 24. Isiyobanwa hutumia baiti mbili, na fremu ileile inafika megabaiti 48 hivi. Tuchukue iliyo ndogo. Tuseme harusi ya Jumamosi jijini Dar es Salaam inaanza saluni asubuhi na kuishia ukumbini usiku wa manane, wapiga picha wakiwa wawili, na kwa pamoja wanatoka na fremu 4,000. Hizo ni gigabaiti 96. Wakipata harusi 30 kwa mwaka, wanakaribia terabaiti 2.9.

Hapo mtetezi wa kutofuta atacheka. Diski ya terabaiti nne inatosha, atasema, na chenji inabaki. Lakini diski moja haijawahi kuwa hifadhi. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh, aliyeandika kitabu kizima kuhusu utunzaji wa picha za kidijitali, ndiye aliyeeneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na nakala moja ikae mbali na jengo la kazi. Ukiifuata kanuni hiyo, terabaiti 2.9 zinakuwa 8.6 kila mwaka. Mwaka wa tatu unakaribia terabaiti 26, na bado hujagusa faili za video.

Sasa angalia linalotokea mtaani. Mpiga picha ananunua diski mbili za nje, moja ya kazi na moja ya akiba. Miezi minane baadaye ile ya kazi imejaa, na Jumamosi kuna harusi. Fedha ya diski nyingine haipo, au ipo lakini imeshapangiwa kodi ya fremu ya studio. Anafungua diski ya akiba, ambayo hakuimalizia kunakili, anaona nafasi, anaanza kuweka humo kazi mpya. Kuanzia siku hiyo hana akiba tena. Ana diski mbili za kazi, kila moja ikiwa na harusi zisizo na nakala popote, na zote mbili zinatembea kwenye begi moja juu ya bodaboda. Hakuna aliyefuta kitu. Amri imetiiwa kikamilifu, na harusi kumi na tano zinategemea diski moja isianguke sakafuni.

Muda nao ni gharama. Diski ya kuzunguka, ile ya kawaida ya nje, huandika kwa kasi ya takriban megabaiti 100 kwa sekunde mambo yakienda vizuri. Kunakili terabaiti 2.9 kwa kasi hiyo ni saa nane mfululizo, umeme usikatike na waya usiguswe. Siku diski inapoanza kutoa mlio wa kugonga, mwenye terabaiti moja ana nafasi nzuri ya kuokoa kazi kabla haijazima. Mwenye terabaiti tatu, ambazo mbili kati yake ni macho yaliyofumba na sakafu ya ukumbi, anaokoa takataka na dhahabu kwa foleni moja, bila kujua kipi kitatangulia.

Kwa nini basi watu wenye akili timamu wanaendelea kuhifadhi kila kitu? Sababu wanayoitaja ni hofu: mteja anaweza kurudi. Sababu hiyo ni ya kweli na inastahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu wateja hurudi kweli. Tena mara nyingi hurudi kwa jambo zito. Baba mdogo amefariki, na familia inatafuta picha yake nzuri ya kuweka mbele ya jeneza na kwenye ratiba ya mazishi. Mtu anakumbuka kwamba kwenye harusi ya Neema, au ya Hamisi, mzee alivaa suti na alikuwa anatabasamu. Wanampigia simu mpiga picha.

Jiulize picha hiyo iko wapi. Hakika haimo katika fremu 1,100 za maharusi wakiwa Coco Beach jua linatua. Iko kwenye foleni ya zawadi, pale mshereheshaji alipokuwa akiita vikundi kimoja kimoja na mpiga picha, amechoka, akabonyeza mara moja kwa kila kikundi. Au iko kwenye picha ya ukoo ambayo haikuingia kwenye albamu. Ni fremu ya kawaida sana, yenye mwanga wa flashi usio na mvuto, na ni ya pekee. Hakuna nyingine ya mzee yule siku ile.

Hapo ndipo amri ya kutofuta inapokosea kabisa, na hata wale wachache wanaofuta hukosea kwa upande wa pili. Mpiga picha akilazimika kupunguza, mkono wake huenda kwanza kwenye picha zisizopendeza: foleni ya zawadi, wazee mezani, kamati ya harusi. Zile za ufukweni haziguswi, kwa kuwa kila moja inapendeza. Lakini kinachojaza diski ni hizo zinazopendeza. Kamera inayopiga fremu 10 kwa sekunde, kidole kikikaa sekunde tatu wakati shela linapepea, inatoa fremu 30 na megabaiti 720 za tukio moja. Ukizifuta 27 kati yake, dunia haipotezi kitu. Ukifuta fremu moja mbovumbovu ya baba mdogo, umemfuta mtu. Thamani ya faili ghafi inapaswa kupimwa kwa kile kitakachokosekana ikiondoka, na uzuri una nafasi ndogo sana katika kipimo hicho.

Wanaopinga kufuta wana kisa chao cha nguvu, na kinasimuliwa duniani kote. Mwaka 1996 Dirck Halstead, aliyekuwa akipiga picha za Ikulu ya Marekani kwa ajili ya jarida la Time, alikuwa kwenye hafla ya kuchangisha fedha ambako Rais Bill Clinton alimkumbatia mwanamke kijana aliyevaa kofia. Haikuwa picha ya kusisimua. Mwaka 1998 jina la Monica Lewinsky lilipolipuka, Halstead alihisi kwamba sura ile amewahi kuiona. Alimlipa mtu apekue slaidi zake, na baada ya slaidi zaidi ya 5,000 ikapatikana moja. Time waliiweka kwenye jalada. Halstead mwenyewe alieleza kwamba wenzake waliopiga kwa kamera za kidijitali walikuwa wameshafuta za kwao.

Kisa ni cha kweli, na kinafundisha kinyume cha kile wanachokitakia. Picha iliyomwokoa Halstead ilikuwa fremu moja, iliyo kwenye fokasi, ya tukio lisilo na nakala. Waliokosa walifuta kwa kuangalia nini kina habari leo, wakaondoa vya pekee. Hakuna mchambuzi makini wa harusi ambaye angeifuta picha ile, kwa sababu kanuni yake ya kwanza ni kwamba kila tukio na kila mtu abaki na angalau fremu moja safi. Kama Halstead angekuwa na fremu 30 za kumbatio lilelile, ishirini na kitu zisingemwongezea chochote zaidi ya saa za kupekua.

Hoja yao ya pili ni kwamba programu za kesho zitaokoa picha mbovu za leo. Kuna ukweli nusu. Chenga za ISO ya juu zinasafishika leo kuliko miaka kumi iliyopita, na giza lililokuwa halifunguki sasa linafunguka. Kwa hiyo picha yenye chenga au iliyopungukiwa mwanga lakini yenye fokasi sahihi isifutwe kwa haraka. Fokasi iliyoangukia pazia la nyuma ni jambo jingine. Taarifa ya kope za bibi harusi haikuwahi kuandikwa kwenye faili, na programu itakayozitoa itakuwa imezichora. Macho yaliyofumba nayo hayana cha kusubiri.

Uchambuzi wenyewe unafanywaje? Tuifuate ile harusi ya fremu 4,000.

Kadi zinanakiliwa kwanza kwenye diski mbili tofauti, na idadi ya faili inalinganishwa kabla kadi hazijaumbizwa upya. Hakuna kufuta kwenye kamera ukumbini. Skrini ya inchi tatu haionyeshi fokasi kwa uhakika, na kidole kilichochoka hufuta isiyokusudiwa. Ndipo inakuja pitio la kwanza, ambalo linapaswa kuwa la kasi, kama sekunde moja kwa fremu: flashi haikuwaka, kamera ilipiga sakafu, fremu za kupima mwanga, mtu kapita mbele ya lenzi. Katika Lightroom Classic herufi X huweka alama ya kukataliwa na P ya kuchaguliwa, na Caps Lock ikiwashwa programu inasogea yenyewe kwenye picha inayofuata. Katika harusi yetu fremu 700 zinaanguka hapa, ndani ya saa moja na kitu. Zinabaki 3,300.

Kwenye pitio hilo kuna mtego mmoja. Programu nyingi za kuchambua kwa kasi huonyesha JPEG ndogo ambayo kamera imeificha ndani ya faili ghafi, na JPEG hiyo imeshakolezwa na kamera. Gauni jeupe juani linaweza kuonekana limeungua kabisa, kumbe faili ghafi yenyewe bado ina nyuzi na maua ya kitambaa. Kwa hiyo pitio la haraka lihukumu fokasi, macho na mkao. Suala la mwanga lisubiri faili ghafi ifunguliwe.

Pitio la pili ni la kulinganisha, na ndilo linalorudisha nafasi. Fremu za tukio moja zinawekwa pamoja, picha inakuzwa hadi asilimia 100, na jicho linatazama jicho: lile la mhusika lililo karibu na kamera. Likiwa na ukungu, tafuta kama kuna kitu kingine kwenye fremu kilicho wazi, hereni au mshono wa shela. Kikiwepo, fokasi ilikosea. Kama kila kitu kina ukungu unaovutwa upande mmoja, kamera ilitikisika. Kama ni mkono tu uliovutika na uso uko wazi, mtu alikuwa anacheza muziki, na picha hiyo huenda ndiyo bora kuliko zote. Wanaofuta kwa kutazama picha ndogo huitupa hii ya tatu kila mara.

Zile 1,100 za ufukweni zinapunguzwa hadi 120. Mkao mmoja unabaki na fremu mbili, pengine tatu kama upepo ulibadilisha shela. Kuingia ukumbini, kulishana keki na kucheza, fremu 900, zinabaki 150. Hapa inafaa kuwa mkali, kwa kuwa mfululizo wa kamera hutoa kilele kimoja tu: kipande cha keki kinapogusa mdomo, kicheko kinapofunguka. Fremu tano kabla na tano baada ni njia ya kufika pale.

Foleni ya zawadi haichambuliwi namna hiyo. Fremu 260, zinabaki 250. Zinaondoka tu zile zenye pacha aliye bora. Kikundi cha VIKOBA cha mama mzazi kilisimama pale mara moja, na wanachama wake hawatasimama hivyo tena.

Picha za ukoo zina sababu yake ya kubakiza nyingi. Watu 25 hawafumbui macho kwa pamoja. Katika fremu ya nne shangazi amefumba, katika ya sita anaangalia pembeni lakini babu yuko sawa. Mhariri anayejua kazi huchukua uso wa shangazi kutoka fremu moja na kuuweka kwenye nyingine, na hilo linawezekana tu kama fremu zilipigwa kwa kufuatana, kamera ikiwa palepale. Kwa hiyo kila kundi kubwa lihifadhi fremu tatu au nne. Kati ya 300 zinabaki 150. Ibada, saluni, mapambo na hotuba, jumla 740, zinabaki 380.

Jumla ni 1,050. Gigabaiti 96 zimekuwa 25. Mwaka mzima wa harusi 30 unaingia kwenye gigabaiti 756, na nakala zake tatu zinakaa kwenye terabaiti 2.3. Nakala moja ya mwaka mzima inanakiliwa kwa saa mbili na dakika chache. Wala mteja hajanyimwa kitu: albamu na fremu 500 alizoahidiwa zinatoka humohumo, na zimebaki nyingine 550 kwa ajili ya baba mdogo.

Kufuta kwenyewe kuna makosa yake, na moja limewafanya wengi waamini kwamba kuchambua hakusaidii. Ukikamilisha kuweka alama ya X na kuamuru Lightroom Classic iondoe zilizokataliwa, dirisha linakupa njia mbili: Remove na Delete from Disk. Ya kwanza inaziondoa kwenye katalogi tu. Faili zinabaki kwenye diski, hazionekani tena kwenye programu, na nafasi haiongezeki hata kidogo. Dalili ni rahisi: ukubwa wa folda haushuki. Dawa yake ni kubofya folda kwa kitufe cha kulia na kuchagua Synchronize Folder, ambayo itataja idadi ya picha zilizomo kwenye diski zisizomo kwenye katalogi. Kwenye Mac, hata baada ya kufuta kwa njia sahihi, faili za diski ya nje hukaa kwenye pipa lililofichwa ndani ya diski hiyohiyo mpaka pipa limwagwe.

Pia hakuna sababu ya kufuta usiku uleule wa kuchambua. Zilizokataliwa zihamishiwe folda ya kusubiri, na zifutwe siku mteja anapopokea albamu na kukiri kwamba ameridhika. Miezi mitatu inatosha kwa harusi nyingi. Siku hiyo zifutwe kwenye nakala zote tatu, maana programu nyingi za kunakili huongeza vilivyo vipya bila kuondoa vilivyofutwa, na diski ya akiba hubaki na mzigo ambao ile ya kazi imeshautua.

Ipo pia hoja ambayo wapiga picha wa Pwani wanapaswa kuielewa kuliko wote. Mombasa, Lamu na Unguja, shughuli za wanawake huwa na mpiga picha mwanamke, simu huzuiwa mlangoni, na bibi harusi hupigwa akiwa kichwa wazi, mikono na miguu ikiwa na hina. Ruhusa aliyotoa ni kwa picha atakazokabidhiwa. Mamia ya fremu zilizoharibika, nguo zikiwa zinarekebishwa, hazikuwa sehemu ya makubaliano, na kila mwaka zinapokaa kwenye diski ni mwaka mwingine wa kuibiwa laptopu au wa fundi kuifungua diski mbovu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayozuia kuweka taarifa binafsi kupita muda wa haja yake, na Tanzania ilipitisha ya kwake mwaka 2022. Hata bila sheria, mpiga picha anayeheshimu waliomfungulia mlango asingezibakiza.

Mipaka ipo. Mpiga picha wa habari asichambue kama wa harusi. Fremu zilizo kabla na baada ya ile iliyochapishwa ni ushahidi kwamba tukio halikupangwa, na mashindano ya World Press Photo huwataka wanaofika hatua za mwisho watoe faili za asili kama zilivyotoka kwenye kamera. Kazi yoyote inayoweza kufika mahakamani, iwe ajali au mgogoro wa kiwanja, ihifadhiwe nzima. Na aliyepiga harusi mbili tu kwa mwaka anaweza kuacha kila kitu bila kudhurika.

Kwa wengine wote, mahali pa kuanzia ni kwenye mkataba. Andikeni humo, kwa lugha ambayo mama wa bibi harusi ataielewa, picha ngapi zitakabidhiwa, faili ghafi zilizochaguliwa zitatunzwa miaka mingapi, na kwamba zilizokataliwa zitafutwa baada ya albamu kupokewa. Msomeeni mteja kipengele hicho kabla hajaweka saini.